Ndizi zilizokaushwa zimeota ukungu

"Nilikausha ndizi mbivu kwenye kikaushio cha jua hapa Moshi, siku mbili, zikawa kavu kabisa. Nikazifunga kwenye chupa. Wiki moja tu, ukungu! Nimekosea wapi?"

Pole dada. Zilikauka juu tu. Kipande kinene hujifunga nje huku maji yakibaki katikati, na ndani ya chupa unyevu husambaa. Kata unene wa milimita 5 hivi. Na mawingu ya Julai yetu haya, usihesabu siku: pasua kipande, ukibonyeze, kisitoe unyevu.

Vikishapoa, jaza chupa theluthi mbili, utikise kila siku kwa wiki. Ukiona matone kwenye kioo, rudisha kikaushioni. Hizo zilizoota tupa zote, hata zinazoonekana nzima.