Nianze na kumbukumbu za nani?

"Nimemaliza sekondari, sijui nisomee nini. Kati ya kumbukumbu za daktari, mhandisi na fundi, nianze na zipi?"

Za fundi. Tafuta kitabu cha Ole Thorstensen, seremala wa Norwe, kilichotoka 2015. Kinafuata kazi moja tu, kugeuza nafasi iliyo chini ya paa kuwa makazi, tangu simu ya mteja hadi kukabidhi. Mimi ni seremala, na kilichonigusa ni zile saa anazokaa kukadiria bei ya zabuni, ambazo hakuna anayemlipa akikosa kazi. Mambo kama hayo ndiyo yatakayokuonyesha kama utaiweza.

Wapo wanaosema kwamba madaktari ndio wakweli zaidi wanapoandika kumbukumbu zao; wamepatia nusu. Henry Marsh, mpasuaji wa ubongo wa Uingereza, anaeleza makosa yake waziwazi katika kitabu chake Do No Harm (2014), na alisomea siasa, falsafa na uchumi kabla ya udaktari. Ila aliandika akikaribia kustaafu, kwa hiyo usimchukulie kama picha ya miaka yako ya mafunzo.

Za wahandisi ni ngumu zaidi: kazi ni ya timu, mwandishi ni mmoja. Mwenye nzuri aitaje.