Mgeni Leicester: anzia kwenye duka la mihogo

Ukipata kazi au chuo Leicester, Uingereza, umeangukia pazuri, na sababu yake ni ya mwaka 1972. Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, halmashauri ya Leicester ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije huku. Wakaja hata hivyo, kwa maelfu, wakaungana na wenzao waliokwisha kutoka Kenya na Tanzania. Leo Belgrave Road imejaa maduka yao ya sari, dhahabu, vitamutamu na vyakula. Kwako wewe maana yake ni kwamba yule mzee aliyeketi nyuma ya kaunta huenda alizaliwa Jinja au Kisumu, na mihogo anaijua tangu utotoni.

Nilipoingia duka moja pale nilimwamkia mama wa Kigujarati "shikamoo", kwa mazoea tu. Akajibu "marahaba" huku anahesabu chenji, kisha akainua kichwa. "Wewe wa wapi?" Nikamwambia Tanga. Akaniacha pale pale, akaenda kwenye friza, akarudi na mfuko wa mihogo iliyomenywa. Kwenye mfuko imeandikwa Mogo, na ndivyo utakavyoikuta kote, hata kwenye menyu za mikahawa wanakoikaanga kwa pilipili.

Mihogo ya friza ndiyo ninayokushauri uanze nayo. Usiiyeyushe kwanza, itie ikiwa na barafu yake katika maji yanayochemka yenye chumvi, iive mpaka ipasuke, utoe ule uzi wa katikati. Ile mibichi inakuja na nta nje ili isikauke safarini, kwa hiyo ganda zuri halikuambii kitu. Mwombe muuzaji akuvunjie ncha. Ndani pakiwa peupe pe, chukua. Ukiona mistari ya bluu au nyeusi, huo umekwisha kuharibika, rudisha.

Unga wa ugali ndio unaowatesa wageni wengi. Mwenzangu ninayekaa naye, dada wa Moshi, alinunua supamaketi kile kiboksi cha konfulawa akidhani ni unga wa mahindi mweupe. Kumbe huo ni wanga mtupu, wa kuzitia uzito supu na mchuzi, na sufuria lote liligeuka gundi inayong'aa. Ukishika mfuko laini, bonyeza kwa nje: wanga unateleza na kulia kama poda ya mtoto, unga wa kweli una chembe unazozisikia kidoleni. Tafuta unga mweupe wa mahindi unaotoka Afrika Kusini au Afrika Mashariki, kwenye maduka ya Waafrika au hayo hayo ya Wahindi. Ule wa njano wa Kiitaliano unasongeka, ila ladha yake ni nyingine na watoto watalalamika. Suji iache kabisa, hiyo ni ngano.

Mboga za majani usizitafute kwa majina ya nyumbani. Mchicha uko kwa Wajamaika, wanauita kalalu. Mbichi ukikosa, upo wa kopo, japo wa kopo umelegea mno kwa wanaopenda mboga yenye uhai. Kisamvu kilichotwangwa kipo kwenye friza za Wakongo kwa jina la pondu au sakasaka. Sukuma wiki hata supamaketi ipo: ni ile kabichi changa ya majani mapana isiyofunga kichwa. Ikate nyembamba sana, kaanga na kitunguu na nyanya. Na ndugu wakikuuliza wakutumie nini, nyama kavu na samli waziache, maana nyama na vitu vya maziwa kutoka nchi zetu haviruhusiwi kuingia Uingereza na vitanyang'anywa uwanja wa ndege.

Kwa msikiti hutahangaika, ila utachanganyikiwa. Eneo la Highfields, karibu na stesheni ya treni, lina misikiti ya kutosha, na Msikiti wa Kati upo Conduit Street. Misikiti mingi ya mji huu ni ya Wahindi wanaofuata madhehebu ya Hanafi, na sisi wa pwani tumelelewa Kishafii. Utaliona hilo kwenye alasiri. Ratiba nyingi zina safu mbili za alasiri, ya mapema na ya baadaye. Ile ya mapema ndiyo uliyoizoea, na jamaa inaswaliwa kwa ile ya pili. Alfajiri usingoje kunuti. Kikubwa cha kupanga ni kazi: majira ya baridi adhuhuri, alasiri na magharibi zinafuatana ndani ya saa chache za zamu moja, na kiangazi isha inaingia usiku mno. Ongea na msimamizi wako mapema kuhusu dakika chache za mapumziko. Idi nayo iulizie kabla, kwa kuwa misikiti miwili ya mtaa mmoja inaweza kuswali siku tofauti, na ruhusa ya kazini unaomba siku moja tu.

Mwenzangu ni Mlutheri, na yeye alihangaika zaidi kupata pa kusali. Walutheri Uingereza ni wachache. Akaamua kusali na Waanglikana wa mtaani kwetu, akiwa na barua ya utambulisho kutoka usharika wake wa nyumbani. Barua hiyo iombe kabla hujasafiri, pamoja na cheti cha ubatizo, hasa kama una watoto na wewe ni Mkatoliki: shule za Kikatoliki huku hukitaka wakati wa kuandikisha.

Watu wa nyumbani utawapata hapo hapo, dukani na baada ya ibada. Atatokea mmoja akuingize kwenye kundi la WhatsApp. Usitoe hela wiki ya kwanza. Soma kwanza wanaongea nini: makundi mengine ni matangazo ya nywele na siasa za chama, basi. Upatu na watu usiowajua makwao, mimi siingii.

Kikundi cha kufaa ni kile cha kufa na kuzikana. Kusafirisha mwili kurudi nyumbani ni maelfu ya pauni, na koroner, yaani afisa anayechunguza vifo, lazima apewe taarifa kwanza kabla mwili haujatoka nchini, jambo linaloweza kuchukua siku nne. Waislamu wengi huzikwa huku huku haraka, lakini kaburi nalo si bure. Kwa hiyo uliza mambo haya kabla hujajiunga. Akaunti ni ya kikundi au ya mtu, na wangapi wanatia saini kutoa fedha? Mchango ni wa kila mwezi, au mnachangishana msiba ukitokea? Unawafunika wazazi walioko nyumbani, au aliyeko Uingereza tu? Na mgeni anangoja miezi mingapi kabla ya kustahili? Hili la mwisho ndilo linaloleta ugomvi mkubwa, kwa hiyo litake kwa maandishi.

Wakikwambia wamesajiliwa kama taasisi ya hisani, andika jina lao kwenye rejesta ya Charity Commission mtandaoni. Ni bure, na utaona wadhamini ni akina nani na kama hesabu zimechelewa. Kutokuwepo peke yake si dosari, kwa sababu kikundi cha kawaida chenye mapato yasiyozidi pauni 5,000 kwa mwaka hakilazimiki kujisajili. Ila kikundi kinachodai kimesajiliwa na rejesta haikijui, mimi natoka kwenye kundi kimya kimya.