Mkopo wa asilimia 18 unaweza kuwa ghali kuliko wa asilimia 24, piga hesabu kabla hujasaini

Mdogo wangu ana saluni na alikuwa anatafuta milioni moja ya kuongeza viti na draya, akaniletea karatasi mbili. Ya kwanza ya kampuni ya mikopo imeandikwa riba asilimia 18 kwa mwaka, ya pili ya benki imeandikwa 24, zote za miezi 12. Akaniuliza, "Kaka, si hii ya 18 ndo nafuu?" Nikamwambia ngoja kwanza, maana nimekaa kamati ya mikopo ya saccos yetu na namba ya juu ya karatasi huwa siianzi kabisa, naanza na vitu vitatu: unapokea shilingi ngapi mkononi, unarejesha ngapi, na mara ngapi.

Tuanze na ya 18. Ile ni riba ya flati, yaani wanachukua milioni moja wanaipiga asilimia 18, inakuja 180,000, wanajumlisha 1,180,000 halafu wanagawa kwa 12. Rejesho linakuwa 98,333 kila mwezi, na ndani yake 83,333 ni mtaji na 15,000 ni riba. Sasa angalia hiyo 15,000. Mwezi wa kwanza unadaiwa milioni nzima kwa hiyo 15,000 ni asilimia moja na nusu, haina shida. Ila mwezi wa saba ushapunguza nusu ya deni, unadaiwa laki tano tu, na bado unalipa 15,000 ile ile, hapo ni asilimia 3. Mwezi wa mwisho unadaiwa 83,333 na unatoa riba 15,000, yaani asilimia 18 kwa mwezi mmoja! Unalipia riba hela ambayo ulisharudisha zamani, na ndo maana flati siku zote inaonekana ndogo kwenye karatasi kuliko ilivyo. Ukitafuta riba moja ya kila mwezi ambayo ikipigwa kwenye deni lililobaki inatoa marejesho yale yale ya 98,333, unapata kama asilimia 2.64.

Ya benki wanapiga riba kwenye salio linalopungua. Asilimia 24 gawa kwa 12 ni asilimia 2 kwa mwezi, mwezi wa kwanza riba ni 20,000, unaofuata inashuka kwa sababu deni limeshuka, inaendelea hivyo mpaka mwisho. Rejesho linakuja 94,560. Kwa hiyo yule wa "24" rejesho lake ni dogo kuliko yule wa "18", mkopo ule ule, muda ule ule. Mdogo wangu alibaki anaiangalia ile karatasi tu.

Lakini hata hiyo 24 sio riba halisi ya mwaka, na hapa ndo watu wengi hubisha. Asilimia 2 kwa mwezi ikikaa mwaka mzima haiwi 24. Chukua milioni moja usilipe chochote miezi 12 riba ikawa inaingia kwenye deni kila mwezi: mwezi wa kwanza deni ni 1,020,000, wa pili riba inapigwa kwenye hiyo 1,020,000 sio kwenye milioni, na mwaka ukiisha unadaiwa 1,268,242. Hiyo ni asilimia 26.8. Ile 24 ni riba ya kutajwa, 26.8 ndo riba halisi ya mwaka.

Mtu atasema mbona mimi nalipa kila mwezi, riba yangu haizai riba nyingine? Kweli, kwenye deni lako haizai. Ila hela unayotoa mwezi wa kwanza imeshaondoka kwako, haikuzungushii biashara miezi 11 iliyobaki, na aliyekukopesha anaikopesha kwa mtu mwingine wiki hiyo hiyo. Riba ya mwaka inayolipwa kidogo kidogo kila mwezi ni nzito kuliko inayolipwa mara moja mwishoni, na riba halisi ndo inapima huo uzito ili uweze kulinganisha mkopo wa kila wiki, wa kila mwezi na wa mwaka kwa kipimo kimoja. Ndo maana ile mikopo ya simu ya asilimia 10 kwa siku 30 usiseme ni 120 kwa mwaka, ukiizungusha miezi 12 inazidi 210.

Halafu kuna makato, na hapa mimi huwa mkali kweli. Ile kampuni ilikuwa inakata ada ya fomu na bima ya mkopo jumla asilimia 3 kabla hela haijatoka, kwa hiyo mkononi unapokea 970,000, lakini riba unalipia milioni. Benki inakata asilimia 1, unapokea 990,000. Ukiingiza makato hayo, mkopo wa "18" riba yake halisi ya mwaka inakuwa kama asilimia 45, wa "24" inakuwa kama 29. Kwa shilingi, kampuni inakugharimu 210,000 na benki kama 145,000.

Hii hesabu huhitaji kuwa mhasibu, fungua Excel au Google Sheets hata kwenye simu uandike hivi:

```
=(1+RATE(12,-98333,970000))^12-1
```

12 ni idadi ya marejesho, -98333 ni rejesho (weka alama ya kutoa kwa sababu hela inatoka kwako), 970000 ni kilichoingia mkononi kweli kweli, sio kilichoandikwa kwenye mkataba. Itakupa 0.45 na kidogo, yaani asilimia 45. Kama marejesho ni ya kila wiki, ile 12 ya ndani unaweka idadi ya wiki za mkopo na ile ya juu kabisa unaweka 52. Wakikata akiba ya lazima ambayo watakurudishia mwishoni, itoe pia kwenye hela ya mkononi halafu iweke kama namba ya nne ndani ya RATE, nayo kwa alama ya kujumlisha maana inarudi kwako.

Ila usiitumie riba halisi peke yake. Mkopo wa wiki mbili wa elfu hamsini wenye ada ya elfu mbili utaonyesha asilimia ya kutisha, wakati kama umekuzuia kupoteza oda ya laki, elfu mbili sio kitu, hapo angalia shilingi. Na kinyume chake ukiongezewa muda toka miezi 12 mpaka 24, rejesho linashuka na unajiona umepona huku jumla ya riba inapanda.

Kitu cha mwisho tulichokiuliza pande zote mbili ni hiki: nikitaka kumaliza deni baada ya marejesho sita, nitalipa ngapi? Benki walitoa jedwali, salio kama 530,000. Kampuni walisema unalipa marejesho yote sita yaliyobaki, 590,000, yaani riba ya miezi ambayo hela hutakuwa nayo unailipa yote. Na mkopo wa nyongeza, ile topapu, kwao unaanzia kwenye hiyo hiyo 590,000, ambayo inapigwa tena riba ya flati. Mdogo wangu alichukua wa benki, ilimbidi asubiri zaidi maana walitaka leseni ya biashara na mdhamini.