Notisi ya Kukaa Nyumbani na Likizo Yangu ya Siku 14

Nilikuwa afisa mauzo wa kampuni ya kusambaza vinywaji Dar es Salaam nilipopewa barua ya kuachishwa kazi. Notisi ilikuwa siku 28, ila nisifike ofisini tena. Ningekaa nyumbani huku nikilipwa. Nilikabidhi laptopu na simu jioni ile ile. Sababu yao niliielewa: nilijua bei wanazowapa mawakala wakubwa, na hawakutaka nizipeleke kwa washindani wao zikiwa mbichi.

Kilichoniumiza ni mstari wa mwisho: "Likizo yako iliyobaki, siku 14, itahesabiwa ndani ya notisi."

Shemeji yangu, aliyewahi kuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi, aliisoma mara mbili. "Shemeji, andika 'nimepokea' na tarehe. Usiandike kwamba umekubali." Kisha akanifungulia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 41: notisi haitolewi mfanyakazi akiwa likizo, wala haiendi sambamba na likizo. Kukaa nyumbani kwa amri ya mwajiri si likizo ya mwaka.

Tukapiga hesabu. Mshahara wangu ulikuwa 1,300,000 kwa mwezi. Ukigawa kwa 4.333 unapata karibu 300,000 kwa wiki. Notisi ya wiki nne ni kama 1,200,000, na likizo ya wiki mbili ni kama 600,000 nyingine. Mstari ule mmoja ungeninyima hiyo laki sita. Niliandika barua fupi nikitaja kifungu, nikabaki na nakala yenye mhuri wa mapokezi. Wiki iliyofuata walirekebisha.

Lakini nilikosea jambo jingine. Kampuni nyingine iliniita nianze mara moja, nikaona kwa kuwa niko nyumbani, niko huru. Sikuwa huru. Mpaka siku ya 28 bado ni mwajiriwa: mshahara unaendelea, makato na michango ya NSSF inaendelea, na wajibu wa kutomfanyia kazi mshindani unaendelea pia. Ukitaka kuanza mapema, omba wakulipe fedha badala ya notisi. Kifungu hicho hicho kinamruhusu mwajiri kufanya hivyo, na ajira inakoma siku hiyo. Hakikisha barua inasema wazi ni lipi kati ya hayo mawili, maana wengi huandika "utalipwa notisi" na kuishia hapo.

Kama unaona umeachishwa kwa uonevu, usistarehe kwa kuwa mshahara unaingia. Malalamiko ya kuachishwa isivyo halali hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, tangu ajira ilipokoma au mwajiri alipofanya uamuzi wa mwisho. Mimi ningehesabu kuanzia tarehe ya barua, nisingoje siku ya 28. Jirani yangu alingoja alipwe kwanza, na alipofika Tume aliambiwa aanze kwa kuomba kuongezewa muda na kueleza kwa nini amechelewa.