Trei ya mraba badala ya duara: pima kitako, kisha pima sufuria

*Shikamoo dada. Niko Ngamiani, Tanga. Trei yangu ya keki ya duara, inchi 9 na kina cha inchi 2, imeliwa na kutu. Dukani nimekuta za mraba tu, inchi 7, 8 na 9, zote kina hichohicho. Ipi inafaa kwa keki yangu ya mayai 4 na gramu 240 za unga, siagi na sukari kila kimoja? Naoka kwenye sufuria la inchi 12, mkaa chini na juu.*

Marahaba mdogo wangu. Kwa kitako, mwenzake wa duara la 9 ni mraba wa 8. Kwa sufuria lako, ningechukua wa 7. Nitakueleza kwa nini majibu ni mawili.

Duara hupimwa hivi: kipenyo mara kipenyo, kisha mara 0.785. Ya kwako ni 9 × 9 × 0.785, yaani inchi za mraba 64 hivi. Mraba hauna kazi: 8 × 8 ni 64, 9 × 9 ni 81. Kumbe trei ya mraba ya 9, ambayo wengi huichukua kwa kuwa namba imefanana, ni kubwa kwa zaidi ya robo. Rojo lako la mayai 4 husimama kama sentimita 2.6 kwenye trei ya zamani. Humo litashuka hadi 2 na ushee. Ukiliacha motoni muda uleule, utaepua keki nyembamba, kavu, yenye ukingo mgumu. Mwenye oveni akitaka hiyo ya 9 aongeze robo: mayai 5, gramu 300 za kila kimoja, na beking pauda nayo ipande kwa robo.

Pima ndani, na upime chini. Trei nyingi zimetanuka juu, na karatasi ya dukani mara nyingi husema kipimo cha mdomo. Nusu inchi inayopotea kitakoni si ndogo: mraba wa 7 na nusu una 56 tu, siyo 64.

Sasa sufuria. Duara la inchi 9 ndani ya sufuria la 12 linaacha inchi moja na nusu kila upande, hewa ya moto inazunguka vizuri. Mraba wa 8 una upana wa 8, lakini kutoka pembe hadi pembe ni inchi 11.3. Pembe zitakaribia kugusa ukuta wa sufuria, na hapo ndipo zinapoungua wakati katikati bado ni uji. Mdomo ukiwa umetanuka, huenda trei isiingie kabisa. Nenda dukani na kijiti cha inchi 10, ukilaze mdomoni mwa trei pembe kwa pembe: isiyozidi kijiti itakaa na nafasi ya inchi moja kila pembe. Ya inchi 7 ina 9.9 ikiwa kuta zake zimesimama wima, basi inapita.

Kitako cha hiyo 7 ni 49, robo tatu ya 64 na kidogo. Kwa hiyo mayai 3, gramu 180 za kila kimoja, na robo tatu ya beking pauda. Rojo litasimama karibu kimo kilekile, na muda hautahama sana. Hata hivyo pembe hutangulia kuiva, basi anza kuchungulia dakika kumi kabla ya muda wako wa kawaida. Keki ikianza kuachana na kuta huku kijiti cha katikati kikitoka na rojo, punguza makaa ya chini, ya juu yaache. Usishawishike kumimina rojo lote la mayai 4 humo: litafika sentimita 3.4 katika trei ya sentimita 5, na keki ikiumuka itamwagika kwenye makaa.

Ukikuta nyingine ya kitako sahihi lakini kina tofauti, kumbuka rojo lijaze nusu, lisizidi theluthi mbili. Ya inchi 1 na nusu kwa rojo la sentimita 2.6 ni fupi mno. Ya inchi 3 haimwagi, ila kuta zake huizuia keki isipate moto wa juu, ikatoka imepauka; tena angalia isikaribie mfuniko wenye makaa.

Na kama huna haraka, tafuta duara la 9 masoko mengine kabla hujalipa. Kwa anayeokea sufuriani duara halina mpinzani, na mayai yako yatabaki 4.