Tovuti ipo, simu ipo, lakini wageni bado wanapita kwa wakala

Swali: Nina hoteli ya vyumba tisa Paje, Unguja. Karibu wageni wote wanakuja kupitia Booking.com na kamisheni inaniumiza. Tovuti ninayo, ina picha nzuri na namba ya simu, lakini haileti kitu. Nianzie wapi?
*Mwenye hoteli, Paje*

Jibu: Ndugu yangu, anza na mgeni ambaye tayari amekuona. Wengi wakiipenda hoteli kwenye ukurasa wa wakala huandika jina lake Google, waone picha zaidi au wajue kama kwa mwenyewe ni nafuu. Huyo ndiye wa kumkamata. Asiyekujua kabisa mwachie wakala amlete, kwa hiyo usijitoe Booking.com.

Chukua simu ya mtu mwingine, tafuta jina la hoteli yako, kisha fuata njia atakayoipita mgeni. Hakikisha namba na tovuti zinazotokea kwenye Google ni zako kweli. Kusajili hoteli yako pale ni bure. Ukifungua tovuti, tazama kama bei inaonekana. Ukiandika "wasiliana nasi kwa bei" unampoteza, maana bei ya wakala anayo tayari mkononi, na kwako anakuta fumbo.

Sasa mpe sababu ya kuja kwako. Tuseme chumba ni shilingi 150,000 na anakaa usiku nne: jumla 600,000. Kamisheni ikiwa asilimia 15, wakala anachukua 90,000. Kama dereva wako hutoza 60,000 kumtoa mgeni uwanja wa ndege hadi Paje, mlipie wewe, na bado 30,000 inabaki kwako. Napendelea zawadi ya namna hii kuliko kushusha bei, kwa sababu mikataba ya mawakala mara nyingi inakataza kutangaza bei ya chini kwenye tovuti yako. Usome wako kwanza. Kisha andika juu kabisa ya ukurasa: "Ukiweka nafasi kwetu kwa usiku nne au zaidi, usafiri wa kutoka uwanja wa ndege ni bure."

Chini yake weka kitufe cha WhatsApp kinachofungua ujumbe ulioanza kuandikwa:

```
https://wa.me/2557XXXXXXXX?text=Nimeona%20tovuti%20yenu.%0AKuingia:%0AKutoka:%0AWatu:
```

Namba haina alama ya kujumlisha, haina sifuri ya mbele, haina nafasi. Mgeni anajaza tarehe na idadi ya watu tu, nawe ukiona "Nimeona tovuti yenu" unajua alikotokea. Kila mwisho wa mwezi hesabu jumbe hizo na uone ngapi zimekuwa malipo. Zikija nyingi na malipo yakawa machache, tovuti inafanya kazi yake. Tatizo liko kwenye majibu.

Na hapo ndipo hoteli nyingi ndogo zinapoanguka. Mgeni anauliza, mapokezi wanajibu "Karibu sana, mnakuja lini?" wakati tarehe ameshaziandika. Anajibu tena, anasubiri saa nzima, anarudi kwa wakala. Jibu la kwanza libebe kila kitu:

"Habari, chumba kipo tarehe 12 hadi 16, watu wawili. Jumla 600,000 pamoja na kifungua kinywa na usafiri wa kutoka uwanja wa ndege. Tunakushikia hadi kesho saa sita mchana. Kukithibitisha, lipa arubuni 180,000 kwa namba hii."

Kwenye WhatsApp Business hifadhi maandishi haya kama jibu la haraka, ukiandika `/bei` yanatokea na unabadilisha tarehe na kiasi tu. Tengeneza na la Kiingereza na la Kiitaliano. Programu hiyo inakubali kuunganishwa na vifaa vingine, hivyo simu ya mapokezi na yako zipokee namba moja. Panga mtu wa zamu ya usiku: saa nne usiku ya Milano ni saa tano kwako wakati wa kiangazi chao, na saa sita wakati wa baridi. Huo ndio muda watu wamekaa nyumbani wanapanga safari.

Arubuni isiende kwenye laini ya mtu binafsi. Tumia Lipa Namba iliyosajiliwa kwa jina la hoteli, kwani jina hutokea kabla mtu hajathibitisha malipo, na akiona jina la mtu asiyemjua anasita, tena ana haki. Kwa wa nje omba benki yako au kampuni ya malipo kama Pesapal ikupe kiungo cha kulipia kwa kadi.

Jambo la mwisho ni kalenda. Arubuni ikiingia, funga chumba hicho Booking.com dakika ileile, kabla hata ya kumwandikia mgeni risiti. Ukichelewa chumba kitauzwa mara mbili, na wa wakala ndiye utakayelazimika kumtafutia pa kulala kwa gharama yako.