Barua ya dahalia kwa wazazi: kifungu cha marejesho

"Assalamu alaykum. Nimekabidhiwa dahalia ya wasichana karibu na Tunguu na nataka kuwaandikia wazazi barua ya kanuni, ada na marejesho. Niiandike vipi ili pasiwe na ugomvi mwanafunzi akiondoka katikati ya muhula?"

Waalaykumu salaam. Nimesimamia dahalia ya binafsi hapa Unguja, na magomvi mengi niliyoyasuluhisha yalitokana na barua iliyochanganya fedha za aina mbili. Ada ni malipo ya kitanda kwa muhula, ilhali amana ni mali ya mzazi uliyoishika kwa ajili ya funguo, godoro na samani. Ziandikie aya mbili na uzikatie risiti mbili, kwani mzazi mwenye risiti moja ya shilingi 370,000 atazidai zote.

Kifungu cha marejesho kitaje muda wa taarifa na siku ya kuanza kuhesabu, kisha kiweke mfano wa hesabu ndani ya barua yenyewe. Tuseme muhula ni wiki 16, ada ni shilingi 320,000, yaani 20,000 kwa wiki, na amana ni 50,000. Mwanafunzi anatoa taarifa ya maandishi mwisho wa wiki ya 6, na masharti yanataka taarifa ya wiki 4. Atalipia wiki 10, hivyo wiki 6 zilizobaki, sawa na shilingi 120,000, zinarejeshwa. Ikiwa kitasa kilichovunjika kimegharimu 8,000, amana inayorudi ni 42,000, na jumla ni 162,000. Kitanda kikipata mtu kabla ya wiki hizo 4 kwisha, usimtoze mzazi wiki ambazo mwengine ameshazilipia. Hilo kwangu ni suala la haki, nawe uliandike waziwazi.

Taarifa ihesabiwe tangu siku uliyoipokea, si siku binti alipowaaga wenziwe na kupanda boti kurudi Pemba. Asiyerejesha funguo bado amekishika chumba.

Katika kanuni, mpelekee mzazi zile tu zinazogusa fedha au kuondoshwa. Zamu za kufagia zibandikwe ukutani. Jiko la umeme chumbani lazima litajwe, hasa ikiwa umeme wa Tukuza umo ndani ya ada, kwa sababu uniti zinakwisha na lawama inakurudia wewe. Saa ya kufunga geti nayo itajwe, pamoja na saa yake ya Ramadhani, maana wasichana hurudi baada ya tarawehe. Kwa anayeondoshwa kwa utovu wa nidhamu, unaweza kusema ada hairudi, lakini amana irudi baada ya kukatwa uharibifu uliothibitishwa kwa orodha ya vitu mliyoisaini siku ya kuingia.

Wapo wazazi wanaosubiri fedha za mkopo. Waandikie tarehe ya mwisho ya kila awamu, na nani atalipa ada iwapo mkopo utachelewa, kwani bila ya hivyo kila mmoja atadhani ni mwenziwe. Mzazi abaki na nakala moja, na ya pili airejeshe imesainiwa kabla hujatoa funguo; aliye Wete au Mkoani akutumie picha ya nakala hiyo kwa simu.